Ramani ya kiwanja huanzia kwenye mawe ya mipaka

Mwenye kiwanja kidogo anayetaka kuchora ramani ya eneo lake hana budi kuanza na mawe ya mipaka, si ukuta wa jirani, kwani huenda ukuta huo umejengwa ndani ya kiwanja chake.

Kiwanja cha mstatili chenye mita 20 kwa 15, kikichorwa kwa skeli ya 1:200, huwa sentimita 10 kwa 7.5 karatasini. Kabla ya kuchora, hupimwa pia umbali baina ya kona zinazotazamana kimshazari. Kila umbali unapaswa kuwa mita 25. Ukitofautiana sana, ama jiwe limehamishwa au kona si za nyuzi 90.

Nyumba huwekwa kwa kupima kutoka mipakani hadi kwenye kuta zake. Hufuata barabara na lango, bomba la maji, nguzo ya umeme na shimo la maji taka. Hapo ndipo hubainika iwapo gari la kunyonya litalifikia.

Mshale wa kaskazini huchorwa mwisho. Dira isisomwe karibu na gari wala nondo, kwani chuma huvuta sindano yake.