Sifuri si herufi 'O': Kunakili nambari ya bechi

Mkenya anapokutajia nambari ya simu, aghalabu husema 'o' pale penye sifuri. Hapo hakuna hasara, kwa kuwa nambari ya simu haina herufi. Nambari ya bechi ya dawa ni tofauti: mara nyingi huchanganya herufi na tarakimu, na dawa mbovu inapoondolewa sokoni, bechi hutambuliwa kwayo. Ukinakili BO85 badala ya B085, utadhani chupa yako haimo orodhani, kumbe imo!

Je, utazitofautishaje? Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa kawaida mashine iliyopiga chapa bechi ndiyo iliyopiga tarehe hiyo. Iwapo ni 05/2028, tayari unazo 0, 5, 2 na 8 za mashine hiyo. Zilinganishe na alama inayokutatiza: ikiwa pana kuliko sifuri ya tarehe, yaelekea ni O, ikiwa na mgongo ulionyooka, ni B wala si 8.

Usipoona tofauti, usibahatishe; mpelekee mfamasia chupa yenyewe. Na unapomsomea mtu, tamka 'sifuri' au 'herufi O'. 'O' tupu haitoshi.