Ile ya Limau Nayo Ni Dawa

Shangazi yangu wa Tanga aliamini kwamba hajazidisha dawa hata kidogo. "Panadol tu, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Mbili asubuhi, mbili jioni, mbili nikienda kulala. Kama ilivyoandikwa." Alikuwa siku ya pili na mafua makali, homa juu, viungo vyote vinauma, na tumboni hakuna kitu isipokuwa uji. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Akasema hakuna. Tulipokuwa tunaagana ndipo akakumbuka, kwa sauti ya mtu anayetaja chai ya tangawizi: "Labda ile ya limau aliyoniletea mdogo wako kutoka Uingereza. Hiyo nainywa ya moto, inafungua pua."

Nikamwomba ampe mjukuu wake lile boksi, aligeuze nyuma, anisomee maandishi madogo. Kijana akasoma polepole: kila pakiti ina parasetamoli miligramu 1000.

Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ndani ni parasetamoli, na kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 500. Kwa hiyo pakiti moja ya unga wa limau katika boksi lile ilikuwa sawasawa na vidonge viwili vya Panadol vilivyotiwa ladha, sukari na kidogo cha dawa ya kuzibua pua. Shangazi alikuwa anakunywa dawa moja kwa majina mawili.

Tukahesabu pamoja, mimi na kijana, kwa saa. Saa kumi na mbili asubuhi pakiti ya limau, 1000. Saa tatu vidonge viwili, 1000. Saa saba mchana pakiti tena, saa kumi vidonge, saa mbili usiku pakiti, saa nne usiku vidonge kabla ya kulala. Jumla miligramu 6000 kwa siku moja, na siku iliyotangulia ilikuwa vilevile. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kutosha hatakiwi kupita miligramu 4000 ndani ya saa 24, yaani vidonge vinane. Shangazi ana kilo 45. Kwa watu wepesi chini ya kilo 50, wauguzi na wafamasia hupima miligramu 15 kwa kila kilo, mara nne kwa siku, jambo linaloleta kama miligramu 2700 kwa mwili wake. Alikuwa amevuka mara mbili ya hapo, siku mbili mfululizo.

Ninachotaka msomaji akione ni kwamba shangazi hakukiuka saa zilizoandikwa kwenye boksi lolote. Unga ulisema usubiri angalau saa nne kabla ya pakiti nyingine, akasubiri karibu saa saba. Vidonge vilisema hivyohivyo, akasubiri. Kila dawa peke yake ilifuata saa zake. Kosa lilikuwa katikati, kwenye zile saa mbili au tatu kati ya kikombe na vidonge. Ukiwauliza wagonjwa "umekunywa dawa gani?" wengi hutaja vidonge. Kikombe cha limau hakihesabiki, kwa sababu kinanukia jikoni na kinanywewa kwa kijiko na asali. Siku hizi mimi huuliza vingine: "Umekunywa nini cha moto tangu jana?"

Hatari yenyewe iko kwenye ini. Parasetamoli ikifika huko, sehemu kubwa hufungwa na kutolewa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo, kama moja ya kumi au chini yake, hugeuka kemikali kali ambayo wataalamu huiita NAPQI. Ini lina kinga dhidi yake, glutathioni, ambayo huishika NAPQI na kuizima kabla haijagusa chochote. Kwa kipimo cha kawaida kinga hii hutengenezwa upesi kuliko inavyotumika. Dawa inapoingia mfululizo kupita kiasi, akiba hupungua kila kipimo, na ikikaribia kwisha, NAPQI huanza kujinasa kwenye chembe za ini na kuziua. Akiba hiyo hutokana na chakula chenye protini. Mgonjwa wa mafua aliyekaa siku tatu na uji mtupu anaanza na ghala lililopungua. Mnywaji wa pombe kila siku yuko hatarini zaidi, na pia anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au fenitoini, fenobabitali na kabamazepini kwa kifafa, kwa kuwa dawa hizi huweza kulichochea ini lizalishe NAPQI nyingi zaidi.

Kinachofanya kosa hili kuwa baya zaidi ni kwamba dalili zake za mwanzo zinafanana na ugonjwa wenyewe. Siku ya kwanza mtu huweza asihisi lolote, au ahisi kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya kula. Nani asiye na hayo akiwa na mafua? Naye, akijisikia vibaya zaidi, huongeza dawa. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu huja baadaye, siku ya pili au ya tatu, na macho kuwa ya manjano, kuchanganyikiwa au kutoka damu ovyo huja ini likiwa limeshaumia sana.

Wapo wanaodhani kwamba kuzidisha kidogokidogo si kama kumeza chupa nzima. Madaktari wa Edinburgh, Skotlandi, walipitia kumbukumbu za wagonjwa 663 waliolazwa kwao kwa ini kuharibiwa na parasetamoli, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Wagonjwa 161 kati yao hawakumeza dawa nyingi kwa mkupuo, bali walizidisha kwa vipimo vilivyofuatana, na zaidi ya nusu ya hao walisema walikuwa wanatafuta nafuu ya maumivu tu. Hao ndio waliokufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliomeza kwa mkupuo mmoja. Sababu mojawapo huenda ni kwamba walichelewa kufika hospitali, maana hawakujua kwamba kuna jambo la kupeleka hospitali.

Shangazi tulimpeleka usiku uleule, ingawa alilalamika kwamba hana lolote zaidi ya homa. Kijana alibeba boksi la limau, karatasi ya vidonge, na karatasi nyingine aliyoandika saa zote na kilo za bibi yake. Karatasi ile ilisaidia kuliko kitu kingine. Kipimo cha damu cha kuonyesha kiasi cha parasetamoli husomwa kwenye chati inayodhani kwamba mtu amemeza mara moja kwa saa inayojulikana. Kwa aliyezidisha kwa siku mbili, namba ndogo kwenye damu haimaanishi usalama. Daktari huamua kwa jumla ya miligramu, uzito, na vipimo vya ini. Dawa inayojaza tena akiba ya glutathioni inaitwa asetilisisteini. Hutolewa kwa dripu, na haina budi kuanza mapema. Kwa aliyemeza mara moja hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Vipimo vya shangazi vilionyesha ini limeanza kusumbuka. Aliwekewa dripu, akalala hospitali, na baada ya siku chache vipimo vikarudi chini. Maziwa, majani ya kienyeji au kujitapisha havifanyi kazi hiyo.

Sasa lebo. Upande wa mbele wa boksi umetengenezwa ili uuze: picha ya limau, neno kubwa la mafua, maneno kama "Extra", "Max", "Plus" au "Night". Yote hayo hayakuambii kilichomo. Geuza boksi utafute mstari mdogo unaosema kila pakiti, kila kidonge au kila kapsuli ina nini. Hapo tafuta neno Paracetamol. Likikosekana, usiseme haimo bado. Kwenye boksi kutoka Marekani au Kanada dawa hiyohiyo huandikwa Acetaminophen, na kwenye karatasi za daktari wa huko utaona herufi APAP. Ndugu wengi huleta dawa hizo kwenye mabegi, kwa hiyo majina hayo yameshafika kwenye makabati yetu.

Kando ya jina kuna namba, na namba hiyo ni ya kipimo kimoja tu, si ya siku. Angalia pia kizio chake: 1 g ni sawa na miligramu 1000, na jicho lililochoka huona "1" likadhani ni kidogo. Pakiti za limau hazifanani. Zipo za miligramu 500, 600, 650 na 1000, hata za kampuni moja. Kwa dawa ya maji ya watoto, namba huandikwa kwa kila mililita 5, na chupa mbili zinazofanana sura huweza kuwa 120 kwa mililita 5 moja, na 250 nyingine. Kwa hiyo usikariri kiasi cha chupa ya zamani.

Unapohesabu, usihesabu kuanzia alfajiri. Chukua saa unayotaka kunywa sasa, rudi nyuma saa 24, ujumlishe kila kilichokuwa na parasetamoli ndani ya muda huo. Vipimo viwili vya jana usiku bado vimo kwenye hesabu ya asubuhi. Nayo si unga na vidonge vya kichwa peke yake: kapsuli nyingi za mafua zina parasetamoli, na vivyo hivyo baadhi ya vidonge vya mgongo na viungo ambamo imechanganywa na diklofenaki au ibuprofeni.

Lililo gumu zaidi kwetu ni dawa isiyo na boksi. Kwenye maduka mengi ya dawa vidonge hukatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, au humiminwa kwenye bahasha iliyoandikwa "2 x 3" na basi. Jina la dawa limebaki kwenye kipande kilichokatwa. Kabla hujaondoka dirishani, mpe muuzaji kalamu na umwombe aandike juu ya bahasha jina la dawa, siyo la biashara, na miligramu zake. Kisha umuulize moja kwa moja: "Hii ina parasetamoli?" Ikiwa ina, chagua kimoja. Ama pakiti za limau, ama vidonge. Pua iliyoziba huweza kusaidiwa na maji ya chumvi, na kikombe cha moto shangazi sasa anakipata kwa ndimu halisi, tangawizi na asali. Boksi la Uingereza bado liko kabatini kwake, na mjukuu ameliandika mbele kwa kalamu ya wino mzito: Panadol mbili ndani ya kila pakiti.