Faili lisilo na ujumbe hata mmoja

Shangazi yangu wa Tanga ni katibu wa kikoba cha akina mama arobaini. Mwishoni mwa Agosti kulizuka ubishi: mwanachama mmoja anadai alilipa hisa zake za Machi, daftari linasema hakulipa. Ushahidi, kila mtu anajua, umo kwenye kundi la WhatsApp. Tatizo ni kwamba Juni simu ya shangazi ilikuwa imejaa, akafuta mazungumzo yote ya kundi apate nafasi. Kijana mmoja wa mtaani akamwambia asihangaike, WhatsApp wenyewe wanatoa nakala ya taarifa zako zote ukiwaomba. Akaomba.

Kuomba kwenyewe hakumshindi mtu. Kwenye simu iliyowekwa kwa Kiingereza unafungua `Settings`, kisha `Account`, kisha `Request account info`, unabonyeza `Request report`. Hakuna malipo, hakuna fomu, hakuna wa kukuuliza sababu. Pale pale unaambiwa ripoti itakuwa tayari baada ya siku tatu hivi. Ukishaomba huwezi kulifuta ombi, ila unaweza kuliharibu bila kujua: ukibadili namba, ukifuta akaunti au ukisajili akaunti upya kabla ripoti haijaja, ombi linakufa na unaanza tena. Kwa hiyo asiombe mtu ambaye kesho ananunua simu mpya. Ikishakuwa tayari unapewa wiki chache za kuipakua, halafu inaondolewa.

Shangazi aliomba Jumatatu jioni. Alhamisi arifa ikaja, akaipakua, akaigonga, haikufunguka. Ripoti haisomeki ndani ya WhatsApp. Ni faili la zipu ambalo lazima ulitoe nje, ulifungulie kwenye programu nyingine ya simu au kwenye kompyuta. Akanitumia kwa barua pepe, nami nikalifungua. Baada ya dakika kumi simu ikalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Haya, Machi umeiona?"

Machi haikuwamo. Wala Aprili, wala salamu moja ya asubuhi. Zilikuwamo kurasa za kawaida zinazofunguka kama tovuti, na ndani yake namba yake ya simu, jina na picha aliyoiweka kwenye wasifu, aina ya simu na toleo la programu, anwani ya intaneti aliyounganishwa nayo. Kisha orodha ndefu ya namba za watu waliomo kwenye kitabu chake cha simu, namba tupu zisizo na majina. Majina ya makundi aliyomo, na kikoba kikiwa mojawapo. Namba alizozizuia. Nani amemruhusu kuona picha yake na nani amemnyima. Kwa kifupi, WhatsApp wanajua shangazi ni mwanachama wa kikoba, lakini hawajui kikoba kilisema nini.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na kosa lao lina mantiki. Mtu anadhani ujumbe wake unahifadhiwa kwa kampuni kama hela zinavyokaa benki. Kwa WhatsApp ujumbe unafungwa kwa ufunguo kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji. Mitambo ya kati inaubeba ukiwa umefungwa, na ukishafika hauna kazi nao tena. Ripoti inakupa kile ambacho kampuni inakishika juu yako. Mazungumzo yako hayamo kwa sababu yanaishi kwenye simu, na kwenye nakala ya akiba kama uliiwasha.

Telegram wanafanya kinyume, ndiyo maana jibu lao nalo ni kinyume. Mazungumzo yao ya kawaida yanakaa kwenye mitambo ya kampuni, hivyo ukiomba nakala unapewa ujumbe wenyewe, na picha na sauti ukitaka. Inafanyika kwenye programu yao ya kompyuta, si kwenye simu: `Settings`, `Advanced`, `Export Telegram data`. Kama kompyuta hiyo umeingia nayo karibuni, utasubirishwa saa 24, na wakati huo arifa inatumwa kwenye vifaa vyako vingine, ili mwizi aliyeingia kwenye akaunti yako asiondoke na kila kitu kabla hujashtuka. Mazungumzo ya siri hayatoki hata huko, maana nayo yanakaa kwenye simu tu.

Vitufe hivi havikuja kwa ukarimu. Vyote viwili vilitokea mwaka 2018, mwaka ambao kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika, tarehe 25 Mei. Kanuni hiyo inaitaka kampuni ikujibu ndani ya mwezi mmoja, ikiweza kuongeza miwili kwa ombi gumu. Kenya ni wakali zaidi: kanuni zao za mwaka 2021 zinatoa siku saba. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023. Lakini hakuna sheria inayoweza kuidai kampuni ikupe kitu isichokuwa nacho, na shangazi alikuwa anadai ujumbe usiokuwapo.

Kilichobaki kilikuwa kumtafuta mwanachama ambaye hajafuta. Mhazini, mama mwenye simu kubwa na moyo wa kutunza vitu, alikuwa na kundi zima tangu Januari. Dawa yake ni kitufe kingine kabisa: unafungua kundi, unagusa menyu, unachagua `Export chat`. Hiki hakisubiri siku tatu. Faili linatoka muda huo huo kutoka kwenye simu yenyewe. Kama kundi limewekewa ulinzi wa ziada wa faragha uliokuja mwaka 2025, kitufe kinakataa, lakini kikoba hawakuwa wameuwasha.

Mhazini akachagua kutoa pamoja na picha. Faili likaja kubwa, ila mstari wa kwanza ulikuwa wa Juni. Daima tazama mstari wa kwanza, maana faili haliji na onyo kwamba limekatwa. Ukitoa pamoja na picha unapewa jumbe 10,000 za mwisho tu. Bila picha, 40,000. Akina mama hawa wanaandikiana kama jumbe 150 kwa siku, basi 10,000 zinarudi nyuma miezi miwili na ushei, wakati 40,000 zinakaribia miezi tisa. Akarudia bila picha, na Machi ikatokea:

```
14/03/2025, 19:42 - Mama Zuhura: Hisa zangu hizo nimetuma, risiti hii
14/03/2025, 19:43 - Mama Zuhura: <Media omitted>
```

Tarehe ikapatikana, saa ikapatikana, na risiti yenyewe ndiyo iliyoachwa nje. Hilo ni jambo la kulipima kabla ya kuchagua: njia inayofika mbali haibebi picha, na kwenye kikoba ushahidi ni picha.

Ila sasa tulijua pa kuangalia. Mhazini akaandika "risiti hii" kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya kundi, akapelekwa moja kwa moja Machi 14, na chini yake picha ya muamala ilikuwa ingalipo. Akamtumia shangazi. Shangazi akaikuza kwa vidole viwili, akaisoma kiasi na jina la mpokeaji, kisha akalivuta daftari na kalamu nyekundu.