Alhamisi Kabla ya Gawio: Muuzaji wa Opsheni Anapoitwa Mapema

Soko la New York lilipofungwa Alhamisi ya tarehe 19 Desemba 2024, hisa moja ya mfuko wa `SPY`, ule unaobeba kampuni 500 kubwa za Marekani, ilikuwa na bei ya takriban dola 586. Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa imegonga saa 6 usiku. Kuanzia asubuhi ya Ijumaa, yeyote ambaye angenunua hisa hiyo asingepata gawio la robo mwaka, ambalo safari hiyo lilikuwa dola 1.97 kwa hisa. Usiku wa namna hiyo ndio wauzaji wa opsheni za kununua huitwa watoe hisa, na wengine hawajui hata kama wanaweza kuitwa kabla ya mkataba kwisha.

Opsheni ya kununua humpa mnunuzi wake haki ya kuchukua hisa 100 kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo. Hapa bei hiyo tutaiita bei ya makubaliano. Muuzaji hupokea malipo siku ya kuuza, na kwa malipo hayo anabeba wajibu wa kutoa hisa zikidaiwa. Kwa hisa za Marekani na mifuko kama `SPY`, haki hiyo hutumika siku yoyote ya soko, si siku ya mwisho peke yake. Wanaoanza biashara hii husoma sentensi hiyo wakaipita haraka, kwa sababu miezi mingi hupita bila mtu kuitwa.

Hawaitwi kwa sababu mnunuzi mwenye akili hana haja ya kuharakisha. Akitumia haki yake mapema, anatoa fedha taslimu kabla ya wakati na anapoteza kinga. Akiwa na opsheni, hisa ikiporomoka chini ya bei ya makubaliano, yeye hupoteza kile alicholipia tu. Akishazichukua hisa zenyewe, anguko lote ni lake. Kwa hiyo ni afadhali kwake kuiuza opsheni sokoni kuliko kuitumia.

Gawio ndilo hubadilisha hesabu hiyo. Linalipwa kwa mwenye hisa, si kwa mwenye opsheni, na siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei yake hushuka kwa takriban kiasi hicho hicho. Mwenye opsheni aliyebaki amekaa tu huona thamani yake ikipungua bila kupokea chochote. Hapo anapima mambo mawili: gawio atakalolipata akizichukua hisa leo, na kinga atakayoitupa.

Kinga hiyo ina bei, tena inaonekana kwenye skrini. Ni bei ya opsheni ya kuuza yenye bei ya makubaliano ile ile na tarehe ya mwisho ile ile, kwa sababu anayechukua hisa leo anaweza kuirudisha kinga yake kwa kuinunua opsheni hiyo. Kanuni inayotokana na hapo ni fupi. Gawio likizidi bei ya opsheni ya kuuza inayolingana, pamoja na riba ndogo ya fedha zitakazotolewa mapema, mnunuzi anafaidika kwa kutumia haki yake, na muuzaji atarajie kuitwa.

Turudi kwenye Alhamisi ile. Chukua opsheni ya kununua ya `SPY` yenye bei ya makubaliano ya dola 575, inayokwisha kesho yake. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, opsheni ya kuuza ya 575 inauzwa senti 80. Gawio ni dola 1.97. Mwenye opsheni akichukua hisa, anatupa kinga ya senti 80 na kupata dola 1.97. Faida yake ni dola 1.17 kwa hisa, yaani dola 117 kwa mkataba mmoja, ukiondoa senti chache za riba. Atazichukua.

Sasa chukua bei ya makubaliano ya 585. Nayo iko chini ya bei ya soko, na wengi wangeiogopa vile vile. Lakini opsheni ya kuuza ya 585, ikiwa imebakiza dola moja tu kufika bei ya soko, tuseme inauzwa dola 4. Hakuna anayetupa kinga ya dola 4 ili apate gawio la dola 1.97. Muuzaji wa 585 anaweza kulala. Wauzaji wengi hutazama tu kama opsheni yao iko ndani ya faida ya mnunuzi, wakati kinachoamua ni kinga iliyobaki ikilinganishwa na gawio. Watazame pia bei ya opsheni ya kuuza yenyewe badala ya kutoa tofauti kati ya bei ya soko na bei ya makubaliano kwenye bei ya opsheni ya kununua. Opsheni iliyozama sana ndani ya faida huwa na pengo pana kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na ukitoa hesabu ndani ya pengo hilo unaweza kupata jibu lolote.

Kuna jambo la kutuliza pia. Mnunuzi akitumia haki yake siku tatu au wiki moja kabla, anatupa kinga bure, maana gawio angelipata tu kwa kusubiri hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo hatari ya gawio hukusanyika katika jioni moja, ile ya siku ya soko iliyotangulia siku ya bila gawio. Kwa `SPY`, siku ya bila gawio kwa kawaida huangukia Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, ambayo pia ndiyo siku mikataba ya mwezi hukoma. Ndiyo maana Alhamisi zake ni mbaya hasa: kinga iliyobaki ni ya siku moja tu, na ya siku moja huwa rahisi.

Muuzaji hapigiwi simu aulizwe. Maombi ya kutumia haki hukusanywa usiku na OCC, shirika la Chicago linalosimamia malipo ya opsheni zote za hisa za Marekani. Shirika hilo huyagawa kwa bahati nasibu kwa makampuni ya udalali, na kila dalali huyagawa kwa wateja wake, ama kwa bahati nasibu au kwa kumwanza aliyeuza mapema. Mteja hujua asubuhi ya pili, wakati tarehe imeshapita. Si kila mnunuzi hukumbuka kutumia haki yake, kwa hiyo wapo wauzaji wanaopita salama, lakini kuutegemea usahaulifu wa mtu usiyemjua si mpango.

Anayeumia zaidi si yule mwenye hisa mkononi. Mtu mwenye hisa 100 za `SPY` aliyeuza opsheni ya 575 akiitwa, anapokea dola 57,500, anabaki na malipo aliyopokea mwanzo, na anakosa gawio. Kama lengo lake lilikuwa kuuza kwa bei hiyo, hajapatwa na balaa.

Balaa liko kwa mwenye spredi. Huyu ameuza opsheni ya 575, akanunua ya 580 imlinde, na akapokea tofauti ya, tuseme, dola 2 kwa hisa. Karatasi inamwambia hasara yake haiwezi kuzidi dola 5 kutoa 2, yaani dola 300 kwa mkataba. Alhamisi usiku anaitwa. Ijumaa asubuhi akaunti yake inaonyesha ameuza hisa 100 za kuazima kwa 575, na kwa kuwa aliziuza kabla ya siku ya bila gawio, gawio la dola 197 linakatwa kwake ili alipwe mwenye hisa. Ile opsheni yake ya 580 bado ipo, na akiitumia Ijumaa anapata hisa za kurudisha kwa 580. Lakini hisa za Ijumaa hazina gawio. Hesabu yake inakuwa dola 500, jumlisha 197, toa 200: hasara ya dola 497 mahali palipoandikwa 300. Opsheni aliyoiuza ilitumika kwa wakati. Gawio limempotea kwenye opsheni aliyoinunua, ambayo hakuitumia wala kuiuza Alhamisi.

Je, angeitumia mwenyewe Alhamisi ili magawio mawili yafutane? Kwa Mmarekani hilo hufanya kazi, mradi akaunti yake iwe na nguvu ya kubeba hisa za dola 58,000 endapo hataitwa upande wa pili. Kwa mkazi wa Kenya au Tanzania, hesabu haifungi. Nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo gawio linaloingia kwa kawaida hukatwa asilimia 30. Katika dola 197 zinabaki takriban 138, ilhali gawio analodaiwa kwa hisa za kuazima hulipwa lote.

Kwa hiyo njia iliyonyooka ni kuifunga spredi nzima Alhamisi, kwa agizo moja lenye kikomo cha bei, kabla soko halijafungwa. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni saa 6 usiku majira ya baridi ya Marekani, na saa 5 usiku majira ya joto. Ni busara kuianza kazi hiyo mapema, soko likiwa bado na watu, na kukubali kulipa senti chache juu ya dola 5. Senti hizo ni ndogo mbele ya dola 197.

Asiyetaka kufunga anaweza kuisogeza mbele: ananunua tena opsheni aliyoiuza, kisha anauza nyingine ya mwezi unaofuata au ya bei ya makubaliano ya juu zaidi. Kinga ya wiki tano ni ghali kuliko ya siku moja, na ikizidi gawio, hamu ya mnunuzi ya kuharakisha inakwisha. Kabla ya kuthibitisha, atazame tena bei ya opsheni ya kuuza ya mkataba mpya, kwa sababu opsheni iliyozama sana inaweza kusogezwa mwezi mzima na bado ikabaki hatarini.

Wengine huikwepa hatari hii tangu mwanzo kwa kuuza opsheni za fahirisi yenyewe, `SPX`, au ndugu yake mdogo `XSP`, ambayo mkataba wake unakaribiana kwa ukubwa na wa `SPY`. Opsheni hizo hutumika siku ya mwisho peke yake na hulipwa kwa fedha taslimu. Hakuna hisa zinazobadilishana mikono, na hakuna gawio la kudaiwa.

Ipo pia hofu isiyo na sababu. Kampuni ikitangaza gawio maalumu, nje ya magawio yake ya kawaida, mikataba ya opsheni kwa kawaida hurekebishwa. Costco ilipotoa gawio maalumu la dola 15 kwa hisa, ambalo siku yake ya bila gawio ilikuwa 27 Desemba 2023, bei za makubaliano za opsheni zake zilishushwa kwa dola 15. Aliyekuwa na opsheni ya kununua hakupoteza chochote kwa kusubiri, na muuzaji hakuwa na cha kuogopa kwa sababu ya gawio hilo. Gawio la kila robo mwaka halina marekebisho hayo, hata liwe kubwa kiasi gani.