Chemchemi Mbili na Bei ya Chupa Moja

Mwaka 1838, mwanahisabati Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliandika kuhusu wamiliki wawili wa chemchemi wanaouza maji ya aina moja katika soko moja. Kila mmoja hupanga atoe maji kiasi gani, akichukulia kwamba mwenzake habadili kiasi chake. Bei huamuliwa na jumla ya maji yaliyofika sokoni.

Tuseme kila chupa hugharimu shilingi 300 kuitoa, kila mmoja anauza chupa 300, na bei ni shilingi 600. Kila chupa inayoongezwa sokoni hushusha bei kwa shilingi moja. Je, mmoja wao aongeze chupa? Chupa hiyo itamwingizia karibu shilingi 300 juu ya gharama, lakini chupa zake 300 za awali zitapoteza shilingi moja kila moja. Anachopata hakizidi anachopoteza, kwa hiyo anatulia hapo. Hasara ya chupa za mwenzake haimhusu.

Katika utulivu huo ndimo kanuni ilimo. Pengo kati ya bei na gharama ni sawa na chupa zake mwenyewe zikizidishwa kwa mshuko wa bei. Ukigawa pande zote mbili kwa bei, unapata:

(P − c) / P = s / ε

P ni bei, c ni gharama ya kuongeza chupa moja, na s ni sehemu yake ya soko. Herufi ε ni unyumbufu wa mahitaji: bei ikipanda kwa asilimia moja, manunuzi hupungua kwa asilimia ngapi. Hapa asilimia moja ya bei ni shilingi 6. Bei ikipanda hivyo, chupa 6 kati ya 600 hazinunuliwi, nazo ni asilimia moja. Basi ε ni 1. Sehemu ya soko ni nusu, na kweli nusu ya bei ni faida juu ya gharama.

Akiingia muuzaji wa tatu mwenye gharama ileile, kila mmoja atauza chupa 225 na bei itashuka hadi 525.

Lakini wale wawili wakila njama, watatoa chupa 450 tu na kuuza kwa 750. Hapo unyumbufu ni 1.67, hivyo kanuni ingempa kila mmoja faida ya asilimia 30 ya bei. Wao wanachukua 60. Pengo kama hilo ni dalili ya kuchunguzwa, si ushahidi kamili, kwa sababu gharama ya chupa moja ya ziada ni ngumu kupimwa na huenda wauzaji wakashindana kwa bei badala ya kiasi.

Kwa hiyo, tukitaka kujua kama tunanyonywa, tusihesabu wauzaji tu. Tuulize pia: bei ikipanda, mnunuzi ana pengine pa kwenda?