Fulana nyeusi na kioo: jua husukuma kipi zaidi?

Umeshuka matatu Upper Hill saa tatu asubuhi. Anga ni safi, na jua linakupiga mara mbili: kwanza lenyewe, halafu tena likirudi kutoka kwenye vioo vya jumba la UAP Old Mutual lenye ghorofa 33. Umevaa fulana nyeusi na kifua tayari kinachoma. Hebu nikuulize: kati ya fulana yako na kioo safi kinachorudisha mwanga wote, jua linasukuma kipi zaidi?

Ndiyo, kusukuma. Mwanga husukuma kila unachogusa. Wengi watasema fulana, si ndiyo inayomeza kila kitu? La. Ni kioo, tena mara mbili.

Twende polepole. Mwanga hauna uzito, lakini unabeba kile wanafizikia wanachokiita momenta. Jione umevaa viatu vya magurudumu na rafiki yako anakurushia mpira. Ukiudaka, unateleza nyuma kidogo. Ukiupiga ukamrudia kwa kasi ileile, unateleza karibu mara mbili, kwa sababu umeusimamisha kwanza, kisha ukautuma ulikotoka. Fulana nyeusi hudaka mwanga. Kioo huurudisha.

Na lile joto kifuani je? Hapo ndipo wengi huteleza. Joto ni hesabu ya nishati, msukumo ni hesabu ya momenta. Fulana inabaki na nishati yote, ndiyo maana unaungua. Kioo hakibaki na kitu, lakini kinasukumwa zaidi. Kwa maandishi, I ikiwa nguvu ya mwanga kwa kila mita mraba na c ikiwa kasi ya mwanga:

```
kinachomeza:      P = I / c
kinachorudisha:   P = 2I / c
```

Jua kali la mchana hapa chini huleta takriban wati 1,000 kwa mita mraba. Gawanya kwa 300,000,000, ambayo ni kasi ya mwanga kwa mita kila sekunde. Kitambaa cheusi cha mita mraba moja kinachotazama jua moja kwa moja kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa theluthi moja ya miligramu. Kioo cha ukubwa huo kinapata theluthi mbili, karibu chembe moja ya sukari. Upepo mdogo tu wa Upper Hill unaifunika nguvu hiyo kabisa, ndiyo maana hujawahi kuihisi.

Sasa toka nje ya hewa. Mei 2010 shirika la anga la Japani, JAXA, lilirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mita 14 kwa 14, yaani mita mraba 196. Tanga lenyewe lilikuwa jembamba kuliko unywele na limepakwa alumini ling'ae. Huko juu, kwa umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua, mwanga ni wati 1,361 kwa mita mraba. Piga hesabu mwenyewe: tanga jeusi kabisa lingepata milinewtoni 0.89, na kioo kamili 1.78. JAXA walipopima walipata 1.12.

Mbona katikati? Kwa sababu tanga halisi si kioo kamili. Lilikuwa na mikunjo inayotawanya mwanga, na sehemu yake ilibeba seli nyembamba za sola, ambazo kazi yake ni kumeza mwanga. Kipimo kikianguka kati ya namba hizo mbili, ujue sehemu ya mwanga inadakwa au inatawanyika.

Milinewtoni 1.12 kwa chombo cha kilo 310 hivi ni kama mzaha. Lakini hakuna hewa ya kukizuia, na jua halizimwi. Msukumo huo ukiendelea bila kukoma, baada ya siku moja kasi imebadilika kwa mita 0.3 kila sekunde. Baada ya mwezi ni zaidi ya mita 9 kila sekunde, kasi ya matatu mjini, bila hata tone la mafuta.

Tofauti hii ya kioo na kisicho kioo ilitumika pia kama usukani. Kingoni mwa tanga kulikuwa na vipande vya kioevu fuwele, jamaa wa skrini ya kikokotoo chako. Vikiwashwa vinarudisha mwanga kama kioo, vikizimwa vinautawanya na msukumo unapungua. Ukiwasha upande mmoja na kuzima mwingine, tanga linageuka polepole.

Kwa hiyo kesho, vioo vya Upper Hill vikikuumiza macho, kumbuka: mwanga huo unaokurudia ndio nusu ya pili ya msukumo. Fulana yako haikuupata.