Bledi ya Mpanda inanunuliwa kwa picha ya lebo

Kinyozi wa Mpanda anayetafuta bledi mpya hana haja ya kusafiri. Anapiga picha mashine yake, anaituma kwa WhatsApp kwa muuzaji wa Kariakoo, analipa kwa simu, kisha anasubiri kifurushi kije na basi. Safari hiyo inazidi kilomita 1,000, kwa hiyo bledi isiyoingia humgharimu nauli ya kifurushi mara mbili na siku kadhaa za kiti kitupu.

Kosa huanzia kwenye picha. Wengi hupiga uso wa mashine, penye jina na rangi ya kuvutia. Lakini umbo la Wahl limenakiliwa na viwanda vingi vya China, na hata Wahl wenyewe hutumia bodi zinazofanana kwa bledi tofauti. Super Taper hutumia bledi namba 1006, Magic Clip isiyo na waya 2161 yenye meno yaliyopishana, na Balding 2105 ya kunyoa karibu kabisa na ngozi. Ukiziona kwa mbele tu, utabahatisha; piga picha lebo yenye namba.

Tuseme mashine ni kopi isiyo na namba. Fungua skrubu mbili, toa bledi, igeuze na uiweke juu ya rula. Piga picha kwa juu, simu ikiwa sambamba na meza, maana ukiinamisha vipimo vinadanganya. Muuzaji anatafuta umbali wa katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine, na upana wa meno. Matundu yasipolingana, hakuna fundi atakayeiokoa bledi hiyo. Bledi sahihi ikifika, ile inayotembea ifungwe meno yake yakiwa nyuma kidogo ya ile iliyotulia. Yakitangulia, mteja atakatwa.

Kwenye chaja hatari ni kubwa zaidi. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na mji wenye umeme wa kukatika hupenda mashine za betri. Chaja za Philips zina mifano mizuri: HQ8505 hutoa volti 15, HQ850 hutoa volti 8, na pini zake katika picha ya haraka unaweza kuzichanganya. Ya volti 15 ikichomekwa kwenye mashine ya volti 8 inaweza kuiunguza. Ya volti 8 kwenye mashine ya volti 15 haitajaza betri, na kinyozi atalaumu betri bure. Ampea zikizidi si tatizo, mashine huchukua inachohitaji. Volti ndizo zilingane, pamoja na alama ya chanya na hasi.

Chaja ikiwa imepotea, soma nyuma ya mashine au karibu na tundu la kuchajia. Lebo ikiwa imefutika kwa mafuta na jasho, usinunue chaja kwa kukisia. Peleka mashine kwa fundi aifungue aone betri na saketi. Muuzaji akikutumia bei kabla ya kuomba picha ya lebo, mtafute mwingine.